Taima, kihisi na tangi: bustani inayojimwagilia

Mvua ya Dodoma ikikatika mwishoni mwa Aprili, kwa kawaida hairudi hadi Desemba. Katika miezi hiyo yote upepo ni mkavu, jua ni kali, na mboga yoyote iliyopo ardhini inaishi kwa maji ya kupelekewa. Wenye bustani nyuma ya nyumba wanaijua kazi hiyo. Ni ndoo asubuhi kabla ya kwenda kazini na ndoo jioni baada ya kurudi, na siku ya safari anaachiwa jirani au mtoto, ambaye humwaga maji mengi juu ya majani na machache kwenye mizizi. Mchicha unavumilia mambo hayo. Nyanya haivumilii: ikikaa kavu siku tatu kisha ikamiminiwa maji kwa pupa, matunda yaliyokomaa hupasuka, na yale machanga huanza kuoza kitako.

Umwagiliaji wa matone unajulikana Afrika Mashariki kwa miaka mingi sasa, na mipira yake myeusi yenye vitundu huuzwa katika maduka mengi ya pembejeo. Kinachoongezeka siku hizi ni vifaa vya kuuendesha bila mtu: taima inayofungua na kufunga maji kwa saa maalumu, na kihisi kinachopima unyevu wa udongo. Vyote viwili vinapatikana, na fundi yeyote wa vifaa vya elektroniki anaweza kuviunganisha. Hata hivyo bustani nyingi za namna hii zinakwama, na mara nyingi hazikwami kwa sababu ya elektroniki. Zinakwama kwa sababu ya maji yenyewe: msukumo wake, uchafu wake, na namna yanavyotembea ndani ya udongo.

Ili jambo hili lieleweke, ichukuliwe bustani moja ya kawaida. Ina matuta 4, kila tuta lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 6. Jumla ni mita za mraba 24: mawili ya nyanya, moja la chainizi na moja la mchicha. Kila tuta limelazwa mipira miwili ya matone, na kwenye kila mpira kuna tundu kila baada ya sentimita 30. Hapo kuna mita 48 za mpira na matundu 160. Maji yanatoka kwenye tangi la plastiki la lita 500 lililowekwa juu ya jukwaa lenye kimo cha mita 1.

Mboga hizo zinahitaji maji kiasi gani? Katika kiangazi cha Dodoma, mazao yaliyokwisha kufunika tuta yanaweza kutumia maji yenye kina cha milimita 5 kwa siku, na siku za upepo mkali hata zaidi. Hesabu yake ni rahisi, kwa kuwa milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Milimita 5 kwa mita za mraba 24 ni lita 120 kwa siku. Miche iliyohamishiwa juzi inatumia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na ndiyo maana ratiba inayofaa mwezi wa kwanza haiwezi kufaa mwezi wa tatu.

Sasa suala la msukumo. Kwenye boksi la mipira huandikwa kwamba kila tundu linatoa, tuseme, lita 1.6 kwa saa. Kiasi hicho kinapatikana maji yakisukumwa kwa nguvu ya bar 1, ambayo ni sawa na tangi lililoinuliwa mita 10 juu ya bustani. Tangi la mita 1 linatoa sehemu ya kumi tu ya nguvu hiyo. Maji yanayotoka hayapungui mara kumi, kwa sababu katika matundu ya kawaida yanafuata kipeuo cha pili cha msukumo: msukumo ukipungua mara 4, maji yanapungua mara 2. Kwa hiyo tundu la lita 1.6 linabaki likitoa takriban nusu lita kwa saa. Matundu 160 yanatoa lita 80 kwa saa, na zile lita 120 za siku zinahitaji saa moja na nusu.

Hesabu hiyo inapaswa kuhakikiwa bustanini, na kuihakiki hakugharimu kitu. Chimbua kishimo kidogo chini ya tundu, weka kikombe, subiri dakika 15. Tundu linalotoa nusu lita kwa saa litajaza mililita 125. Rudia kwenye tundu la kwanza la tuta la kwanza na tundu la mwisho la tuta la mwisho. Vikombe vikitofautiana kidogo, hakuna tatizo. Cha mwisho kikipata nusu ya cha kwanza, basi ama mipira imelazwa kwenye mwinuko, ama bomba kuu ni jembamba mno, ama kuna matundu yaliyoziba, na hakuna taima wala kihisi kitakachorekebisha hilo.

Tangi lenyewe lina tabia ambayo wengi hawaitarajii. Likijaa, maji yamesimama mita nyingine 1 juu ya sakafu yake, hivyo msukumo ni wa mita 2. Likikaribia kuisha, msukumo ni wa mita 1. Tofauti hiyo inafanya matundu yaleyale yatoe kama lita 115 kwa saa tangi likiwa limejaa na lita 80 likiwa karibu tupu. Taima iliyopangwa dakika 90 itaipa bustani maji mengi siku ya kwanza, kisha kidogo, kisha kidogo zaidi, bila mtu kugusa kitu. Boya la kujaza tangi lenyewe linasaidia pale ambapo maji ya bomba hayakatiki. Pale yanapotoka mara mbili kwa wiki, mabadiliko hayo yatakuwepo tu.

Kosa la gharama kuliko yote linafanyika kwenye valvu. Valvu nyingi za umeme za bei nafuu, zile ndogo nyeupe zinazofanana na za mashine ya kufulia, zina utando wa mpira ndani. Umeme ukiwashwa, sumaku inafungua kitundu kidogo tu, na msukumo wa maji yenyewe ndio unaoinua utando na kufungua njia. Kama maji hayana nguvu ya kutosha, utando hauinuki. Mlio wa "tak" unasikika, taa ya rilei inawaka, mwenye bustani anaona kila kitu kinafanya kazi, na matundu yako kavu. Mara nyingi lawama huangukia kihisi au programu.

Jibu liko kwenye lebo. Valvu iliyoandikwa `0.02–0.8 MPa` inahitaji walau msukumo wa mita 2 za maji, yaani haiwezi kutegemewa chini ya jukwaa la mita 1. Taima za kufungwa kwenye koki zina tofauti hiyohiyo: nyingine zimeandikwa `0.5–8 bar` na zinataka maji ya bomba la mjini, nyingine `0–8 bar` na hizo zinafanya kazi hata kwa maji yanayoteremka polepole kutoka kwenye pipa. Kinachofaa kwa tangi ni koki ya mota: koki ya kawaida yenye gololi ndani, inayozungushwa na mota ndogo ya volti 12. Haihitaji msukumo wowote wa maji, na inatumia umeme kwa sekunde chache tu inapofunguka na inapofunga. Hilo ni muhimu kwa bustani inayotegemea betri na paneli ndogo ya sola, kwa sababu valvu ya sumaku inakula umeme muda wote ikiwa wazi. Zipo koki za mota zinazojifunga zenyewe umeme ukikatika. Ukizipata, chukua hizo.

Baada ya maji kupita vizuri, ndipo kihisi kinapopata kazi. Aina mbili ndizo zinazouzwa zaidi kwa wapenzi wa elektroniki. Ya kwanza ina meno mawili ya chuma yanayochomekwa udongoni. Inapima jinsi umeme unavyopita kutoka jino moja hadi jingine. Ni rahisi sana na haidumu. Umeme ukipita kwenye udongo wenye maji na chumvi, chuma kinalika, na baada ya wiki kadhaa meno yanakuwa meusi na namba zinapotea. Kuuwasha kwa sekunde moja tu wakati wa kupima kunarefusha maisha yake, lakini hakumwokoi mwenye bustani asilazimike kununua kingine.

Ya pili ni ubapa mmoja mweusi usio na chuma kilicho wazi. Huu unapima uwezo wa udongo kuhifadhi chaji ya umeme, uwezo ambao unapanda sana maji yanapoongezeka. Kwa kuwa chuma chake kimefunikwa, haulikwi kwa namna ile. Udhaifu wake uko kwengine. Sehemu ya juu yenye vipande vya elektroniki imeachwa wazi, na kingo za ubapa hufyonza maji polepole kama mbao. Kabla ya kuuweka ardhini, kingo zote zipakwe rangi ya kucha mara mbili au tatu, au gundi ya epoksi, na sehemu ya elektroniki ifunikwe kabisa kwa epoksi na mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto. Kazi hii ya nusu saa ndiyo inayoamua kama kihisi kitaishi msimu mmoja au zaidi.

Ubapa huo una urefu wa kama sentimita 10. Ukichomekwa wima kutoka juu, unapima tabaka la juu tu, ambalo kwa jua la Dodoma hukauka kila siku hata kama chini kuna maji tele. Mizizi ya nyanya inayofanya kazi kubwa iko chini ya hapo. Kwa hiyo chimba kishimo cha kina cha sentimita 15 hivi, uchomeke ubapa kwenye ukuta wa kishimo ambao haujachimbwa, ukiwa umelala kiubavu ili maji yasituame juu yake, kisha rudisha udongo kwa tabaka na uushindilie kwa vidole. Pengo la hewa kati ya ubapa na udongo, hata likiwa jembamba, kihisi hulisoma kama ukame.

Na usikiweke chini ya tundu. Hapo pana maji siku zote, na kihisi kitasema bustani imeshiba wakati mimea ya pembeni inanyauka. Usikiweke pia katikati ya tuta mbali na mipira. Mahali panapofaa ni sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye tundu, karibu na shina la mmea wenye afya ya wastani, ndani ya duara la maji. Katika udongo wa kichanga maji hushuka chini kwa haraka na duara linakuwa dogo, hivyo kihisi kisogee karibu zaidi. Katika mfinyanzi maji hutambaa pembeni, na kinaweza kusogea mbali kidogo. Kama bustani nzima inafunguliwa na koki moja, kihisi kimoja kwenye tuta la nyanya kinatosha kuanzia. Chainizi na mchicha vitafuata.

Namba zinazotoka kwenye kihisi si asilimia ya maji. Kikiunganishwa kwenye bodi ya Arduino Uno, kitatoa tarakimu ambayo inashuka udongo unapolowa: inaweza kuwa karibu 600 kikiwa hewani na karibu 300 kikiwa ndani ya glasi ya maji. Vihisi viwili vya boksi moja vitatoa namba tofauti. Wanaochukua namba ya hewani na kuiita asilimia 0, kisha ya glasi na kuiita 100, wanapata kipimo kizuri kwa macho ambacho hakihusiani na udongo wao, kwa sababu udongo wa bustani haufiki kamwe kwenye ukavu wa hewa wala kwenye maji ya glasi.

Namba mbili zenye maana zinapatikana ardhini. Kwanza, loweka tuta mpaka maji yasimame, kisha uliache usiku kucha, au siku mbili kama udongo ni mfinyanzi, ili maji ya ziada yazame. Asubuhi soma namba. Hiyo ndiyo shibe ya udongo wako: maji yakiongezwa zaidi ya hapo yanapita chini ya mizizi na kupotea. Tuseme umesoma 360. Kisha usimwagilie. Kila alfajiri soma namba, na palepale chimba kwa mkono sentimita 15 pembeni, chukua udongo, uufinye. Siku ya kwanza utafanya tonge linaloshika na kuacha unyevu kiganjani. Siku moja au mbili baadaye tonge litashika lakini litavunjika ukiligusa kwa kidole. Hapo ndipo pa kumwagilia, kabla nyanya hazijaanza kukunja majani mchana. Tuseme namba ni 420. Sasa una kipimo cha bustani yako: ikizidi 420 fungua maji, ikishuka chini ya 370 acha.

Usomaji ufanyike alfajiri kwa sababu nyingine pia. Vihisi hivi vinayumbishwa na joto. Udongo uleule utatoa namba moja saa kumi na moja asubuhi na nyingine saa nane mchana. Ukipima saa ileile kila siku, wakati ardhi imepoa, joto halikudanganyi sana. Mbolea nayo inavidanganya. Chumvi za mbolea zikiyeyuka kwenye maji ya udongo, kihisi huona unyevu kuliko uliopo. Kwa hiyo siku chache baada ya kuweka mbolea ya chumvichumvi, usiiamini namba bila kufinya udongo.

Taima na kihisi vinafaa kufanya kazi pamoja kwa namna moja: kihisi kitoe ruhusa, taima iweke mpaka. Taima peke yake itamwagilia hata baada ya mvua, na haitajua kwamba tangi limepungua au kwamba nyanya zimekua. Kihisi peke yake ni hatari zaidi. Waya wake ukikatwa na jembe, au kikitoka ardhini wakati wa palizi, kinaweza kusema "kavu" bila kukoma, na koki itabaki wazi mpaka tangi liishe. Kwa bustani ya mfano wetu, lita 500 zingekwisha kwa kama saa tano. Kama bustani imeungwa moja kwa moja na bomba la mjini, hakuna kitakachoyazuia isipokuwa bili.

Kwa hiyo mpangilio uwe hivi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri taima inaamsha bodi. Bodi inasoma kihisi mara 10 na kuchukua wastani, kwa kuwa usomaji mmoja unaweza kuruka. Ikiwa namba imezidi 420, koki inafunguka dakika 30, kisha inafungwa. Saa kumi na mbili na nusu inasoma tena. Bado pakiwa juu ya 370, dakika 30 nyingine. Saa moja na nusu, mara ya tatu na ya mwisho. Jumla haizidi dakika 90 kwa siku, hata kihisi kiseme nini.

Mapumziko kati ya awamu yana kazi yake. Maji yakitoka kwenye tundu hayafiki kwenye kihisi papo hapo. Katika udongo wa kati yanaweza kuchukua nusu saa au zaidi kutambaa hadi sentimita 15 chini na pembeni. Ukisubiri kihisi kiseme "basi" huku koki iko wazi, utakuwa umemwaga maji mengi ambayo bado yako njiani. Awamu fupi zinampa kila mtu nafasi ya kusikia: maji yashuke, kihisi kipime, kisha uamuzi ufanywe. Kwenye kichanga awamu ziwe fupi hata zaidi, dakika 15, ili maji yasipite mizizi.

Jambo dogo la saa: taima nyingi zinasoma saa kwa mtindo wa 24. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ni `05:30` kwenye kioo. Anayebonyeza `11:30` ataamka akute koki imefungwa, na maji yatatoka karibu na adhuhuri jua likiwa kali.

Thamani ya kupima unyevu imeonekana Tanzania kwenyewe, na kwa wakulima ambao hawakuwa na koki ya mota wala taima. Kuanzia mwaka 2013, katika skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa, mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia uliwapa wakulima kifaa kiitwacho Chameleon. Kilibuniwa na Richard Stirzaker, mwanasayansi wa shirika la utafiti la Australia, CSIRO. Vihisi vyake vinafukiwa katika kina tofauti, na mkulima akiunganisha kisomaji chake anaona taa: buluu maana yake udongo umelowa, kijani una unyevu wa kutosha, nyekundu umekauka. Hakuna namba ya kukariri.

Taa hizo zilionyesha kwamba chini ya mashamba mengi palikuwa na buluu wakati wenyewe wakidhani mazao yana kiu. Wakulima walipunguza mara za kumwagilia, na wengi walipata mavuno bora, kwa kuwa mbolea haikusukumwa tena na maji hadi chini ya mizizi. Muda uliookolewa ukaenda kwenye shughuli nyingine. Inafaa kulikumbuka hilo mbele ya bustani yenye vifaa vingi: faida kubwa ilitokana na kujua hali ya udongo, na aliyefungua mfereji alikuwa bado mtu na jembe lake.

Bustani ikishaanza kujimwagilia, adui wa kila siku ni uchafu. Tundu la matone lina njia nyembamba na ndefu yenye kona, na chembe za mchanga, utando wa mwani au chokaa vinatosha kuiziba. Chujio kati ya tangi na koki si la hiari. La matundu ya maikroni 130, ambalo kwenye lebo huandikwa `120 mesh`, linafaa. Liko wazi kulifungua na kuliosha, na kwa maji ya kisima litahitaji hivyo kila wiki. Tangi liwe jeusi au lifunikwe, kwa sababu mwani hauoti gizani. Kila baada ya wiki mbili, fungua ncha za mipira maji yakiwa yanatiririka na uache yatoke mpaka yawe safi. Yale ya kwanza huwa ya rangi ya chai.

Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi na chokaa, na hii ina matokeo mawili. La kwanza ni matundu kufunga taratibu kwa ukoko mweupe, jambo linaloonekana kwenye vikombe kabla ya kuonekana kwenye mimea. Mpira ulioziba hivyo unaweza kulowekwa kwenye siki usiku mmoja, ukasuuzwa na kurudishwa. La pili ni chumvi kujikusanya kwenye ukingo wa kila duara la maji, ambako unaweza kuiona kama unga mweupe juu ya udongo. Mvua ndogo ya kwanza ya Desemba huisukuma chumvi hiyo irudi kwenye mizizi. Kihisi kitaona unyevu na kufunga koki wakati ambao mimea ingenufaika na maji ya kuisukuma chumvi nje. Siku hiyo fungua kwa mkono kwa muda, mpaka mvua iwe kubwa ya kuloweka tuta zima.

Kihisi kinachokufa nacho kina dalili zake. Namba isiyobadilika hata kidogo kwa siku tatu, koki ikifunguka na kufunga, ina maana maji yameingia kwenye elektroniki au waya umeachia. Namba iliyoruka ghafla kwenda kwenye ukavu siku ya palizi ina maana udongo umetikiswa na hewa imeingia. Namba inayosema "shibe" wakati nyanya zimelegea saa tatu asubuhi inataka uchimbe na kufinya udongo kabla ya kubadilisha chochote. Huenda kihisi kiko kwenye bwawa dogo chini ya mpira uliopasuka. Panya na kindi hutafuna mipira wakitafuta maji wakati wa ukame, na tundu lao moja linaweza kulowesha tuta moja huku matatu yakikauka.

Kwa anayeanza, mpangilio wa kununua una uzito kuliko chapa za vifaa. Anza na tangi, jukwaa imara, chujio na mipira. Lita 500 ni nusu tani, na jukwaa la mbao dhaifu litaanguka. Endesha kwa koki ya mkono kwa wiki kadhaa, ukipima kwa vikombe na kuandika dakika na lita kwenye daftari. Baada ya hapo weka kihisi, ukisome kwa macho tu kila alfajiri bila kukiunganisha na koki, mpaka uwe na namba zako mbili. Koki ya mota na taima vije mwisho, na kabla ya kulipa soma lebo dukani: kama haikuanzia `0`, na maji yako yanatoka kwenye tangi, irudishe.